UZI: Malaysia ilifunga mlango, bei ya sarafu ikatokea dirishani

1.
Kila shilingi ikiyumba, mjadala wa runinga haumalizi dakika kumi kabla mtu hajasema: "Hawa ni walanguzi wa ng'ambo. Tufunge soko la dola kama Malaysia walivyofanya 1998." Mwenzake anajibu: "Ukifunga utaua uchumi." Wanarushiana hayo maneno mpaka tangazo la biashara linawaokoa. Leo tuiangalie Malaysia yenyewe, si ile ya midomoni. Na kama kawaida ya hapa, hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

2.
Nikiri kwanza. Mwaka wa pili chuoni nilipewa upande wa kufunga kwenye mdahalo, na nilikuwa nimejiandaa vizuri, tarehe zote kichwani. Nilipomaliza, mwalimu akauliza swali moja tu: "Kama walifunga 1998, mbona 2016 Benki Kuu yao ilikuwa bado inapigana na watu wanaofanya biashara ya ringgit nje ya nchi?" Nilinyamaza. Sikujua hata anaongelea nini. Uzi huu ndio jibu ambalo ningetoa siku ile kama ningekuwa nalo.

3.
Turudi 1997. Kabla ya Julai mwaka huo, dola moja ilikuwa ringgit 2.50 hivi. Kisha moto uliowaka Thailand ukavuka mpaka, na kufikia Januari 1998 dola ilikuwa imegusa ringgit 4.88. Mtu aliyekuwa na mkopo wa dola aliona deni lake likikaribia kuongezeka maradufu bila yeye kukopa hata senti nyingine. Hapo ndipo serikali ikaanza kutafuta nani anaiuza ringgit, na anaipata wapi.

4.
Jibu lilikuwa ng'ambo ya mlangobahari, Singapore. Wakati huo ringgit halisi ziliwekwa kwenye akaunti za benki za nje na kukopeshwa huko. Hiyo ni muhimu, kwa sababu anayetaka kupiga dau kwamba sarafu itaanguka lazima kwanza aipate. Anakopa ringgit, anaziuza apate dola, anasubiri bei ishuke, ananunua ringgit kwa bei rahisi, analipa deni na kubaki na faida. Waliotaka kukopa walikuwa wengi kiasi kwamba riba ya ringgit Singapore ilipita asilimia 20, juu sana kuliko ya nyumbani. Basi ringgit zikawa zinatoroka Malaysia kufuata hiyo riba.

5.
Tarehe 1 Septemba 1998 Malaysia ikafunga. Ringgit zote zilizokuwa nje zilipewa mwezi mmoja kurudi nyumbani. Baada ya hapo hazikuwa na njia ya kurudi. Uhamishaji wa ringgit kati ya akaunti za wageni ukapigwa marufuku. Mgeni aliyeuza hisa zake alilazimika kukaa na pesa hizo ndani kwa miezi 12, ingawa Februari 1999 sharti hilo lilibadilishwa kuwa tozo la kutokea. Kesho yake, 2 Septemba, dola ikafungwa kwenye ringgit 3.80, na ikabaki hapo hadi Julai 2005.

6.
Hapa ndipo watu wengi huishia, nami niliishia hapo. Lakini angalieni kilichofungwa hasa. Kilichofungwa ni kukabidhi. Mkataba wa kawaida wa kubadilisha fedha siku za mbele, ule tunaouita fowadi, unasema hivi: leo tunakubaliana bei, na baada ya miezi mitatu mimi nalete dola, wewe unalete ringgit, tunabadilishana. Baada ya Septemba 1998, benki ya London au Hong Kong haikuwa na mahali pa kupokea hizo ringgit. Kwa hiyo fowadi ya aina hiyo nje ya Malaysia ikafa.

7.
Na hata kamba ya 3.80 ilipokatwa 2005, mlango wa nje haukufunguliwa. Ringgit iliachwa ielee, ila ndani tu. Wakati huohuo wageni walikuwa wanakaribishwa kununua hatifungani za serikali, na walinunua kwelikweli. Sasa fikiria wewe ni mfuko wa pensheni Ulaya. Umenunua hatifungani za ringgit, unapenda riba yake, lakini hutaki usingizi wako utegemee bei ya ringgit. Unataka kinga, lakini kinga ya kawaida hairuhusiwi nje. Hitaji lipo, chombo hakipo.

8.
Chombo kilikuwa tayari kimebuniwa kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, benki zilizofanya biashara na Amerika ya Kusini zilikutana na sarafu zilizofungiwa ndani, zikaja na wazo rahisi sana: kama hatuwezi kuleta hiyo sarafu, tusiilete. Tukubaliane bei leo, siku ikifika tuangalie bei halisi ni ngapi, na aliyekosea amlipe mwenzake tofauti. Kwa dola. Mkataba huo unaitwa kwa kifupi NDF, yaani fowadi isiyo na makabidhiano. Ukahamia Asia, ukawa makao ya won ya Korea, rupia ya India, rupiah ya Indonesia, na ringgit pia.

9.
Mkataba wenyewe unahitaji mambo manne tu. La kwanza ni kiasi, mfano ringgit milioni 42. La pili ni bei tunayokubaliana leo. La tatu ni tarehe. La nne, ambalo watu hulisahau, ni mwamuzi: ni bei gani rasmi tutakayoitazama siku ile ili tujue nani amepoteza? Sarafu iko kule ndani, sisi tuko huku nje, kwa hiyo lazima tukubaliane mapema ni saa ngapi na ubao wa nani tutausoma.

10.
Tupige hesabu. Ule mfuko wa pensheni una hatifungani za ringgit milioni 42. Leo dola ni ringgit 4.20, kwa hiyo mali hiyo ni dola milioni 10. Mfuko unaingia NDF na benki ya nje kwa bei hiyo ya 4.20 kwa miezi mitatu (nimeacha tofauti ya riba kwanza, tutairudia). Siku ya mwisho mwamuzi anasema dola sasa ni ringgit 4.40. Ringgit milioni 42 ukizigawa kwa 4.40 unapata dola 9,545,455. Tofauti na milioni 10 ni dola 454,545. Benki inaulipa mfuko kiasi hicho, siku mbili za kazi baadaye, na kitabu kinafungwa.

11.
Umeona? Hatifungani imepungua thamani kwa dola 454,545, na NDF imerudisha dola 454,545. Mfuko umelala vizuri. Na hakuna ringgit hata moja iliyohama kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Kama bei ingeenda upande wa pili ikawa 4.00, ringgit zile milioni 42 zingekuwa dola milioni 10.5, na mfuko ungelipa benki dola 500,000. Hapo pia haungelia, kwa sababu hatifungani zake zingekuwa zimepanda kiasi hichohicho.

12.
Sasa fanya jambo moja tu: toa zile hatifungani. Mtu huyohuyo, mkataba uleule, bei ileile, ila hana mali yoyote Malaysia. Ringgit ikianguka anapata dola 454,545 safi. Huyo ndiye mlanguzi wa kwenye runinga. Kwenye karatasi, mlanguzi na mfuko wa pensheni hawatofautiani hata kwa herufi moja, kwa sababu mkataba hauulizi kwa nini umekuja. Ndiyo maana kila mmoja wa wale wawili wa mdahalo ana nusu ya ukweli. Mmoja anawaona walanguzi tu, mwingine anawaona wenye pensheni tu, na wote wamesimama foleni moja.

13.
Lakini pia kuna jambo la ajabu hapo. Mlanguzi wa 1998 alihitaji kukopa ringgit halisi. Wa NDF hahitaji. Malaysia ilizuia ringgit zisitoke, na dau likajifunza kuishi bila ringgit. Benki Kuu inaweza kuzuia sarafu yake isivuke mpaka kwa sababu akaunti zote za ringgit hatimaye ziko kwenye mamlaka yake. Haiwezi kuzuia watu wawili walioko Hong Kong kulipana dola kwa sababu ya namba waliyoisoma kwenye skrini.

14.
Namba hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Kwa miaka mingi mwamuzi wa NDF za ringgit alikuwa Singapore: benki ziliulizwa zinaonaje bei, majibu yakakusanywa, ikatolewa namba moja. Tatizo mnaliona tayari. Anayetoa jibu ni benki, na benki hiyohiyo ina mikataba inayolipwa kwa jibu hilo. Ni kama kumpa mgombea kalamu ya kujumlisha kura zake. Kwenye mkataba wa ringgit milioni 42, kusogeza mwamuzi kutoka 4.40 hadi 4.41 kunabadilisha malipo kwa zaidi ya dola 21,000. Fikiria mikataba mamia.

15.
Juni 2013 mamlaka ya fedha ya Singapore ikatangaza matokeo ya uchunguzi wake. Benki 20 zilikutwa na upungufu, na wafanyabiashara wa fedha 133 walikutwa wamejaribu kushawishi viwango vya marejeo isivyofaa, vikiwemo vya riba na vya sarafu hizi za NDF. Benki zikaamriwa kuweka akiba ya ziada kwa muda, kulingana na uzito wa makosa. Baada ya hapo mwamuzi wa ringgit akahamishwa, ikatumika bei inayotolewa ndani ya Malaysia, na kuanzia Julai 2016 bei hiyo ikawa inakokotolewa kutokana na biashara iliyofanyika kweli kati ya benki, si makadirio.

16.
Swali halali: kama ni dau la dola nje, linaumizaje ringgit ndani? Si waache wachezeane huko? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni benki. Ile benki iliyouuzia mfuko kinga sasa imebeba hatari yenyewe, na benki haipendi kubeba. Itatafuta njia ya kuuza ringgit ndani, kupitia tawi au kampuni dada yenye leseni Kuala Lumpur. Hapo dau la nje limegeuka kuwa mauzo halisi ya ndani. Ukuta upo, ila benki ina miguu pande zote mbili.

17.
Njia ya pili inapita kichwani mwa muuzaji nje. Chukua kampuni ya Penang inayouza vifaa vya kielektroniki na kulipwa dola. Asubuhi mkurugenzi wa fedha anaona bei ya ndani ni 4.30 lakini nje watu wanapatana 4.45. Je, atabadilisha dola zake leo? Hapana, atazikalia. Wenzake nao watazikalia. Dola zinakuwa adimu sokoni, bei ya ndani inapanda, na utabiri wa nje unakuwa umejitimiza. Hakuna mlanguzi aliyegusa chochote hapo. Ni wenyeji wanaosoma ishara ya nje na kujilinda.

18.
Ndio maana ukitaka kujua sarafu iliyofungwa inaumwa kiasi gani, hupimi bei ya ndani. Unapima pengo. Kawaida bei ya mbele inatokana na tofauti ya riba. Tuseme riba ya ringgit ni asilimia 3, ya dola asilimia 1, na bei ya leo 4.20. Ya mwaka mmoja mbele inapaswa kuwa 4.20 mara 1.03 gawa kwa 1.01, yaani 4.28 hivi. Sokoni ambako sarafu inakabidhiwa, ikitoka hapo sana watu watakopa huku na kuwekeza kule mpaka irudi. Kwenye NDF hakuna wa kuirudisha, kwa sababu huwezi kuzileta hizo ringgit.

19.
Kwa hiyo ukikuta NDF ya mwaka mmoja iko 4.50, fanya hesabu kinyume: 4.50 gawa kwa 4.20 mara 1.01 unapata 1.082. Soko la nje linasema riba ya kweli ya kushika ringgit ingepaswa kuwa asilimia 8.2, wakati Benki Kuu inasema 3. Zile pointi tano za kati ni woga uliopewa namba. Ni kipimajoto ambacho serikali nyingi zingependa kuvunja, kwa sababu kinasoma homa ambayo taarifa rasmi haiisomi.

20.
Sasa tufike Novemba 2016, lile swali la mwalimu. Matokeo ya uchaguzi wa Marekani yalifanya dola ipae dhidi ya karibu sarafu zote za nchi zinazoinukia. Ringgit iliumia zaidi ya wengi, kwa sababu wageni walikuwa wanashika zaidi kidogo ya nusu ya hatifungani kuu za serikali, na wote walitaka kinga wiki moja. Walikimbilia NDF. Bei ya nje ikawa dhaifu waziwazi kuliko ya ndani, na ya ndani ikaanza kuvutwa kuifuata.

21.
Bank Negara Malaysia, Benki Kuu yao, ikajibu kwa ukali. Haikuweza kuwafikia walioko Hong Kong, kwa hiyo ikashika ile miguu ya ndani: benki za kigeni zenye leseni Malaysia ziliambiwa ziahidi kwa maandishi kwamba hazitashiriki biashara ya NDF za ringgit. Kisha Desemba ikamfuata yule mkurugenzi wa Penang. Wauzaji nje waliamriwa kubadilisha asilimia 75 ya mapato yao ya dola kuwa ringgit. Linganisha hatua hizi na zile njia mbili nilizoeleza juu. Walijua kabisa maji yanapita wapi, wakaziba hapohapo.

22.
Ilifanya kazi? Inategemea unauliza nini. Biashara ya NDF za ringgit ilisinyaa, hiyo ni kweli. Lakini wale wenye hatifungani walioondolewa kinga ghafla walifanya kile ambacho mtu yeyote aliyenyimwa bima hufanya: waliuza mali. Kufikia majira ya kuchipua ya 2017 sehemu yao ya zile hatifungani ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 40. Na ringgit yenyewe ilifika karibu 4.50 mwanzoni mwa Januari 2017, udhaifu ambao haukuonekana tangu 1998. Baadaye ikajikokota, ikamaliza 2017 kwenye 4.05 hivi.

23.
Wanaotetea hatua hizo husema: ona, ilirudi. Wanaopinga husema: mwaka huo dola ililegea duniani kote na uchumi wa Malaysia ulikua vizuri, ingerudi tu. Mimi nadhani ushahidi mzuri zaidi ni kitu ambacho Benki Kuu yenyewe ilifanya. Pamoja na kufunga NDF, ililegeza masharti ya kujikinga ndani: wawekezaji wakubwa wakaruhusiwa kununua na kuuza kinga Malaysia kwenyewe bila kubeba karatasi za kila muamala. Hiyo ni kukiri kimyakimya kwamba hitaji lilikuwa la kweli, na kwamba dirisha la nje lilikuwepo kwa sababu mlango wa ndani ulikuwa mwembamba.

24.
Indonesia ilichukua njia tofauti. Novemba 2018 ilianzisha NDF yake ya ndani. Mkataba ni uleule wa kulipana tofauti, lakini unafanyika Jakarta, mwamuzi ni kiwango cha Benki Kuu ya Indonesia, na malipo ni kwa rupiah. Uzuri wake ni kwamba Benki Kuu inaweza kuwauzia watu kinga bila kuteketeza akiba yake ya dola. Kikomo chake nacho kiko wazi. Sarafu ikianguka licha ya hayo, Benki Kuu ndiyo iliyoko upande wa kupoteza, na hasara hiyo, hata kama ni ya rupiah, ni pesa ya umma.

25.
Na sisi je? Kenya ilifuta sheria yake ya kudhibiti fedha za kigeni 1995. Shilingi inaweza kukabidhiwa, kwa hiyo hatuna ukuta kama wa ringgit. Hata hivyo NDF za shilingi zipo. Kuna mfuko unaoitwa TCX, ulioanzishwa Uholanzi 2007 na taasisi za fedha za maendeleo, unaobeba hatari ya sarafu kama zetu. Mkopeshaji wa nje anaweza kumkopesha mfanyabiashara wa hapa kwa shilingi, kisha akajikinga kwa mkataba unaolipwa dola. Bila chombo hicho, mkopo ungekuja kwa dola, na kuanguka kwa shilingi kungemuangukia mkopaji wa Nakuru badala ya mwekezaji wa Amsterdam.

26.
Pia pengo hatulijui kwa kusoma tu. Mnakumbuka mapema 2023, kiwango rasmi cha dola kilisema kimoja, na ukienda benki kununua dola ya kuagiza bidhaa unaambiwa bei nyingine kabisa, tena usubiri? Haikuwa NDF, lakini ni mnyama wa ukoo huohuo. Bei rasmi ikikosa kufanya kazi yake, bei ya pili inazaliwa, na wenye dola wanaanza kuzikalia. Yule mkurugenzi wa Penang ana binamu wengi Industrial Area.

27.
Kwa hiyo mtu akisimama tena kwenye kipaza sauti akasema "tufunge kama Malaysia", sina haja ya kumzomea. Namuuliza mambo matatu. Malaysia gani, ya 1998 iliyozuia ringgit halisi zisitoke, au ya 2016 iliyopambana na dau lisilohitaji ringgit? Wenye hitaji la kweli la kinga utawapeleka wapi siku utakapofunga? Na utaangalia bei gani kujua kama umefaulu, ile unayoiandika wewe au ile ya pengo?

28.
Na anayesema "soko liachwe tu" naye nina lake. Amweleze mkopaji wa dola wa 1997 kwamba riba ya asilimia 20 Singapore ilikuwa sauti ya hekima. Aeleze pia hao wafanyabiashara 133 walikuwa wanagundua bei gani hasa. Soko la nje linaweza kusema ukweli kuhusu woga wa watu na bado mizani yake ikawa imechezewa. Yote mawili yalitokea, kwa sarafu ileile.

29.
Mwalimu wangu alinipa alama 11 kati ya 20 siku ile, na nilikasirika wiki nzima. Leo naona alinionea huruma. Nilikuwa nimekariri siku mlango ulipofungwa, na sikuwahi kuuliza watu waliokuwa ndani ya nyumba walipata wapi hewa.

Mwisho wa uzi. Wiki ijayo, wengi mmeomba: deni la taifa linahesabiwaje, na kwa nini namba mbili tofauti zinaweza zote kuwa za kweli.